Koti la Idd: tuulize kasoro kabla ya kutaja bei

Idd inakaribia, na katika nyumba nyingi mazungumzo ya baada ya futari yamekwishahamia kwenye nguo za watoto. Kanzu mpya huwa haina mjadala mrefu, kwa kuwa kitambaa chake ni kimoja na bei zake madukani hazitofautiani sana. Mjadala huwa kwenye koti la kuvaliwa juu ya kanzu. Koti jipya la suti lina bei ambayo wazazi wengi hawaiwezi, hasa wenye vijana wawili au watatu, na hivyo wengi wetu huelekea kwenye mitumba. Safu hii wiki hii ingependa kulizungumzia koti hilo la mtumba: namna ya kulitazama, namna ya kuuliza, na namna ya kuifikia bei ambayo mnunuzi na muuzaji wataachana kwa wema.

Tuanze na aibu yetu. Mwaka jana tulinunua koti la kijivu kwa shilingi 35,000 kwenye soko moja la mitumba jijini Dar es Salaam. Lilikuwa limepigwa pasi vizuri, limetundikwa mbele ya kibanda, na kijana wetu alipolivaa alionekana bwana harusi. Tulivutana kwa bei kwa muda mrefu, tukaishusha kutoka 50,000, tukarudi nyumbani tunajisifu. Siku ya Idd mvua za masika zilikuwa zimeacha matope kila mahali, koti likachafuka pindoni. Tukalifua kwa mkono na kulianika kivulini. Lilipokauka, kifua chake kilikuwa kimeota malengelenge, kama rangi ya ukuta iliyoingiwa na maji. Pasi haikuyaondoa.

Tulipolirudisha, muuzaji hakutugombeza. Alisema tu kwamba kilichouzwa hakirudi, tena tumekwisha kulifua wenyewe. Tukamwambia kwamba alijua. Akatujibu: "Mlinipunguzia bei mkaridhika, lakini hamkuniuliza kitu." Jibu hilo halikuwa la haki, kama tutakavyoona, lakini lilituziba mdomo kwa sababu nusu yake ilikuwa kweli. Muda wote ule tuliutumia kuzungumzia namba, na koti lenyewe hatukulizungumzia kabisa.

Fundi cherehani wetu ndiye aliyetufundisha tulichopaswa kukitazama. Koti la suti, alisema, si kitambaa kimoja. Nje kuna kitambaa tunachokiona, ndani kuna bitana, na katikati, sehemu ya kifuani, kuna kitambaa kingine kinacholipa koti umbo lake. Katika makoti ya bei ya juu kitambaa hicho cha katikati hushonwa kwa uzi. Katika makoti mengi ya kawaida hubandikwa kwa gundi inayoyeyushwa kwa joto, ambayo mafundi huiita gamu. Gundi hiyo ikichoka kwa kufuliwa au kwa joto kupita kiasi, kitambaa cha nje huachana na cha ndani, na hapo ndipo malengelenge hutokea. Pasi ya moto yenye mvuke huweza kuyalaza kwa muda, ikatosha koti kuonekana zima kwa siku za kuuzwa. Kisha fundi akalishika lile koti letu la kijivu, akaligeuza kwenye mwanga wa mlangoni, akatuonesha kifuani mng'ao wa pasi iliyokandamizwa mara nyingi mahali pamoja. Alama hiyo ilikuwapo tangu siku tuliyolinunua. Tulikuwa tumelitazama chini ya turubai la buluu.

Kwa hiyo mwaka huu, jirani yetu, mama wa watoto wanne, alipotuomba tumsindikize kumtafutia koti mwanawe wa miaka kumi na saba, tulikwenda kwa mpangilio mwingine. Tulitoka nyumbani mapema asubuhi, pesa tayari mkononi, na tukakubaliana kwamba mpaka koti likaguliwe lote na maswali yaulizwe, hakuna atakayetaja bei.

Kabla ya koti lenyewe, inafaa msomaji ajue muuzaji amelipataje, kwa kuwa bila ya hilo hatuwezi kusema bei ipi ni ya haki. Nguo za mitumba huja zimebanwa katika marobota, na robota lililozoeleka lina uzito wa kilo 45. Mfanyabiashara mdogo hulinunua likiwa limefungwa. Anajua ni robota la makoti na anaambiwa ni la daraja gani, lakini kilichomo atakijua baada ya kukata kamba. Koti moja la mtu mzima lina uzito wa kama robo tatu ya kilo hadi kilo nzima, hivyo robota hutoa makoti hamsini au zaidi kidogo.

Tuchukulie mfano: kijana amenunua robota kwa shilingi 700,000, akakuta makoti 50. Kila moja limemgharimu 14,000. Lakini makoti hayafanani. Kumi ni mabovu, atayatupia kwenye fungu la chini kwa 5,000 kila moja. Thelathini ni ya wastani, yatauzika kwa 15,000. Kumi yaliyobaki ndiyo mazuri, na hata akiyauza kwa 30,000 kila moja, jumla ya robota zima itakuwa 800,000. Laki moja hiyo iliyozidi ndiyo ya usafiri, ushuru, kodi ya meza, chakula chake na cha watoto wake. Mnunuzi anayemwambia, "Wewe hii umeiokota kwenye robota kwa elfu kumi," hajui anachokisema. Koti zuri limebeba gharama za yale mabovu. Vilevile muuzaji anayedai 60,000 kwa koti la namna hiyo anajua fika kwamba anaanzia mbali ili apate pa kushukia, na mnunuzi hana sababu ya kuogopa kumwambia hivyo kwa upole.

Sasa tuingie kwenye kibanda. Kijana alitupokea, "Shikamooni, karibuni mchague." Tukaitikia. Jirani yetu alichagua koti jeusi lenye vifungo viwili, na jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kumwomba kijana ruhusa ya kutoka nalo nje ya turubai. Hakukataa. Turubai la buluu hufanya nyeusi iliyopauka ionekane nyeusi ya dukani, na balbu ya kibandani haioneshi matundu. Juani alikunjua kola na kulinganisha rangi ya chini yake na rangi ya mabegani. Koti lililotundikwa juani au dirishani kwa muda mrefu hupauka mabega, na chini ya kola hubaki rangi yake ya asili. Hili lilikuwa sawasawa. Akatazama viwiko. Koti lililovaliwa sana hung'aa viwikoni na kwenye makalio, na mng'ao huo hakuna fundi anayeuondoa. Viwiko vilikuwa sawa.

Kisha akafanya lile tulilofundishwa na fundi. Alishika kifua cha koti kati ya tundu la kifungo cha juu na cha chini, kwa vidole viwili vya kila mkono, mmoja kwa nje na mmoja kwa ndani, akavuta taratibu. Kama katikati unahisi kitambaa cha tatu kinachoteleza peke yake, huenda koti ni la kushonwa. Kama unahisi tabaka mbili tu, la nje likiwa zito na gumu, ni la gundi. Hili lilikuwa la gundi. Kuwa la gundi si kasoro. Wengi wetu makoti yetu ni hayo. Lakini inakulazimu kukikagua kifua chote kwa kiganja, polepole, hasa karibu na mfuko wa juu na kwenye pindo za kola, ukitafuta mahali ambapo kitambaa kinaelea. Hakukuta.

Ndani ya koti alisoma lebo. Iliandikwa sufu nusu na poliesta nusu, jambo jema kwa joto letu kuliko poliesta tupu, ambayo huhifadhi jasho na kuwa kama mfuko wa nailoni mchana wa Idd. Hata hivyo sufu ina adui yake, naye ni nondo. Mabuu ya nondo hutoboa vitundu vidogo vya mviringo, vikubwa kuliko ncha ya sindano na vidogo kuliko punje ya dengu. Njia ya kuviona ni kuliinua koti kuelekea jua na kutazama kutoka upande wa ndani pale ambapo bitana haikufika au imeachia. Akaliinua, akatazama, hakuona kitu. Alichokiona ni bitana ya kwapa la kulia kuwa imefumuka kama shubiri moja, na kifungo kimoja cha mkononi hakipo.

Wengi wetu hapo tungeanza: "Koti lenyewe limechanika, nipe kwa elfu kumi." Yeye alilirudisha koti mezani, akalitandaza, akasema, "Mwanangu, nimeona bitana na kifungo. Niambie wewe uliyelitoa kwenye robota, kuna kasoro gani nyingine ambayo mimi sijaiona?"

Tunaomba msomaji alitazame swali hilo. Hakuuliza, "Hili zima?" Swali la namna hiyo hujibiwa "zima kabisa, mama" na mtu ambaye hata hakufikiri, na wala huwezi kusema amekudanganya, kwa kuwa neno "zima" sokoni lina upana wa bahari. Aliuliza kasoro ni zipi. Anayeulizwa hivyo ana njia tatu: ataje anachokijua, aseme hajaiona nyingine, au aseme uongo waziwazi huku anatazamana na mtu wa umri wa mama yake.

Kijana alikaa kimya kidogo. Kisha akaligeuza koti, akainua mkono wa kushoto, akaonesha chini kabisa ya kwapa, kwenye mshono, vitundu viwili vya nondo vilivyokaribiana. "Hapa, mama. Ukivaa haionekani, lakini ipo."

Sisi tulikuwa tumelitazama koti lile watu wawili, juani, na hatukuviona.

Hapo tukumbuke yanayosimuliwa kuhusu Imamu Abu Hanifa, Allah amrehemu, ambaye pamoja na elimu yake alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa mjini Kufa. Alimpelekea mshirika wake, Hafs bin Abdulrahman, mzigo wa nguo, akamweleza kwamba mojawapo ina kasoro na amweleze mnunuzi. Hafs aliiuza, akasahau kueleza, na mnunuzi hakujulikana ni nani. Abu Hanifa alipopata habari alitoa sadaka thamani yote ya mzigo ule. Hukumu iko wazi kwa wanazuoni: muuzaji anayejua kasoro isiyoonekana analazimika kuibainisha, na mnunuzi akiigundua baadaye, naye hakuijua alipokuwa akinunua, ana hiari ya kukirudisha kitu na kurejeshewa pesa zake. Bango la "kilichouzwa hakirudishwi" halimwondolei dhima aliyejua na akaficha. Lakini hiari hiyo ina adabu zake. Ukishaigundua kasoro, unakirudisha bila ya kuchelewa na bila ya kuendelea kukitumia. Na kama umekwisha kukitia kasoro nyingine mkononi mwako, huwezi tena kumlazimisha muuzaji akipokee kilivyo. Hapo yatakuja mazungumzo ya fidia. Ndiyo maana koti letu la kijivu lilikuwa na kesi ngumu. Ni nani wa kuthibitisha kwamba malengelenge yalitangulia ufuaji wetu? Tungekuwa tumeuliza, tukajibiwa kwamba kifua ni kizima, tungekuwa na neno la kumrudia nalo.

Pia tusizidishe upande wa pili. Mtumba ni nguo iliyovaliwa. Kupungua rangi kidogo au uchakavu wa kawaida si kasoro ya kumrudishia mtu nguo, kwa sababu ndicho unachokinunua kwa kujua. Kasoro ni kile ambacho kwa mazoea ya soko nguo ya aina hiyo na bei hiyo haitarajiwi kuwa nacho.

Turudi mezani. Bei ya kijana ilikuwa 45,000. Jirani yetu alikuwa amepita vibanda viwili kabla, akaona koti la kiwango kama hicho, lisilo na kasoro, likiishia 35,000, ila halikumtosha mtoto mabegani. Hiyo ndiyo ilikuwa nanga yake. Kisha akahesabu kwa sauti, kijana anasikia: kushona bitana ya kwapa 4,000, kifungo 1,000, na kuziba vile vitundu kwa kipande kidogo kinachokatwa kwenye pindo la ndani, 3,000. Jumla 8,000. "Koti zima nimeambiwa thelathini na tano. Ukiondoa nane, inabaki ishirini na saba." Kijana akasema thelathini. Mama akasema ishirini na tano, kwa kuwa kwa fundi atakwenda yeye kwa miguu yake. Wakavutana kwa muda usiofika dakika tatu, wakamalizia kwenye ishirini na saba.

Msomaji ataona kwamba uaminifu wa kijana ulimgharimu 3,000 za vile vitundu viwili. Jirani yetu aliliona pia, na ndiyo maana hakuing'ang'ania ile ishirini na tano. Kuna hesabu ambayo haifai kufika mwisho wake, hasa kwa mtu aliyekuonesha kwa kidole chake kitu ambacho wewe usingekiona.

Na kuna dhambi ya mnunuzi ambayo mimbari zetu huigusa mara chache. Tunapenda kumkemea muuzaji anayeisifu nguo mbovu, lakini tunacheka na mnunuzi anayeitukana nguo nzuri ili aipate kwa bei ya kutupa. Qur'ani imekataza, katika Sura ya Al-A'raf na ya Hud, kuwapunguzia watu thamani ya vitu vyao. Kusema "hii ni poliesta tupu" huku lebo umeisoma ni sufu, kusema "kule wameniambia elfu ishirini" hali hujaambiwa, ni uongo kama uongo mwingine. Bwana Mtume, rehma na amani zimshukie, alipatana bei ya nguo: Suwayd bin Qays amesimulia kwamba yeye na mwenzake walileta nguo kutoka Hajar hadi Makka, Mtume akawaendea kwa miguu, akapatana nao bei ya suruali, wakamuuzia. Kisha akamwambia mpimaji wa malipo apime na azidishe. Kupatana bei basi hakuna aibu yoyote. Aibu ni maneno tunayoyatumia.

Jambo moja la mwisho kuhusu kipimo cha mwilini, kwa kuwa wengi hupoteza pesa hapo. Mkono mrefu wa koti fundi ataupunguza. Kiuno kipana atakibana. Mabega hayarekebishiki kwa bei ya maana, kwa kuwa ni kulifumua koti lote. Mshono wa bega ukipita mfupa wa bega la kijana kwa zaidi ya upana wa kidole, liacheni, hata kama bei inashawishi. Na lijaribuni juu ya kanzu, si juu ya fulana. Kanzu ina unene wake mikononi na mgongoni, na koti lililomkaa kijana vizuri juu ya fulana sokoni linaweza kumkaba asubuhi ya Idd.

Koti jeusi liko kwa fundi hivi sasa. Ametuambia ile bitana ataimaliza kwa 3,500, na vitundu vya nondo amevitazama kwa miwani yake akacheka, akauliza ni nani aliyeviona. Tukamwambia ni muuzaji mwenyewe. Akauliza kibanda chake kiko upande gani wa soko.